Kauli ya Kwanza na Kauli ya Mwisho: Mgawanyo wa Madaraka Ukisomwa Kutoka Kilwa Masoko

Ibara ya 4 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imejengwa kwa mizani. Inasema shughuli zote za mamlaka ya nchi zitakuwa mikononi mwa vyombo viwili vya utendaji, vyombo viwili vya utoaji haki, na vyombo viwili vya kutunga sheria. Kila jozi ina upande wa Muungano na upande wa Zanzibar. Ukiisoma kwa sauti utasikia mapigo matatu yanayolingana, na hakuna chombo kinachopambwa kwa sifa kuliko mwenzake. Vitenzi navyo vimepimwa: shughuli hizo zitatekelezwa na zitadhibitiwa. Mwandishi wa ibara hakukabidhi utekelezaji kwa wengine na udhibiti kwa wengine. Ameviweka vitenzi vyote viwili mbele ya vyombo vyote, kana kwamba kila kimoja kitende na kila kimoja kizuie.

Msomaji akiishia hapo ataondoka na picha ya nyumba yenye vyumba vitatu vilivyo sawa. Mahakama hapa, Bunge pale, Serikali kule. Picha hiyo ndiyo inayofundishwa darasani katika somo la uraia, na si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba imesimama tuli. Sheria haikai tuli: inapotumika inakuwa mazungumzo, ambamo mmoja huanza kusema, mwingine hujibu, na mmoja hufunga. Kwa hiyo ninapendekeza tusome mgawanyo wa madaraka kwa swali la umbo: nani amepewa kauli ya kwanza, nani kauli ya mwisho, na ni neno gani limewekwa kati ya hizo mbili. Tukisoma hivyo, sehemu inayotufunulia mengi si Dodoma. Ni makao makuu ya wilaya kama Kilwa Masoko, ambako ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mahakama ya wilaya na halmashauri zote zimo katika mji mmoja mdogo wa rasi inayotazamana na Kilwa Kisiwani.

Lakini tuanze na Katiba yenyewe, maana wilaya imerithi sarufi yake kutoka humo.

Ibara ya 62 inavuruga mizani ya ibara ya 4 mara moja. Inasema Bunge litakuwa na sehemu mbili, nazo ni Rais na wabunge. Mkuu wa Serikali, aliyewekwa na ibara ya 4 katika chumba cha utendaji, hapa anaonekana ameketi pia katika chumba cha kutunga sheria. Hili halikupenyezwa kwa siri. Limeandikwa waziwazi, na linafuata mila ya mabunge ya Jumuiya ya Madola, ambako mkuu wa nchi ni sehemu ya bunge. Mawaziri nao huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Maana yake ni kwamba katika Katiba yetu Bunge na Serikali havikutenganishwa kwa ukuta. Vimetenganishwa kwa zamu ya kusema.

Zamu hiyo imeelezwa katika ibara ya 97. Wabunge wanapitisha muswada, kisha unakwenda kwa Rais. Rais anaweza kuukubali, nao ukawa sheria. Anaweza pia kuukataa, lakini akikataa anatakiwa kuurudisha pamoja na maelezo ya sababu zake. Wabunge wakitaka kuurudisha kwake kabla ya miezi sita kupita, wanahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Wakifika hapo, Rais ana siku 21: aukubali, au alivunje Bunge.

Tazama vitu viwili katika ibara hiyo. Cha kwanza ni sharti la kuandika sababu. Mwenye nguvu kubwa kuliko wote nchini haruhusiwi kukataa kimya kimya. Lazima aweke karatasi mezani ambayo wengine wataisoma na kuijibu. Cha pili ni uchaguzi wa "au". Katika siku hizo 21, "au" inampa Rais mlango wa pili, na mlango huo una gharama kubwa, kwa sababu Bunge likivunjwa Rais mwenyewe anarudi kwa wapiga kura. Kwa hiyo "au" ya ibara ya 97 ni nzito pande zote mbili. Mtunzi ametoa uhuru wa kuchagua na papo hapo akaufunga kwa bei. Tuishike hiyo, maana huko chini tutakutana na "au" nyingine isiyo na bei.

Mahakama ilipata sentensi yake nzito baadaye. Ibara ya 107A, iliyoingizwa na marekebisho ya mwaka 2000, inaitaja Mahakama kuwa mamlaka yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki. Ni maneno yenye heshima, na yameandikwa bila kusitasita. Hata hivyo mhakiki anapaswa kusoma pia kile ambacho sentensi haikusema. Kauli ya mwisho si kauli yote. Aliyepewa kufunga mjadala hakupewa kuufungua, na hakimu hatoki ofisini kwenda kutafuta shauri. Husubiri liletwe. Kauli ya mwisho ina thamani pale tu ambapo mazungumzo yanaruhusiwa kufika mwisho.

Historia ya kesi ya mgombea binafsi inaonyesha jambo hilo kwa ukubwa wa taifa. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu Dodoma kupinga sheria zilizomlazimisha mtu awe mwanachama wa chama cha siasa ndipo agombee uongozi. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alikubaliana naye: haki ya kushiriki katika utawala wa nchi ni ya kila raia, hata asiye na chama. Hukumu hiyo ilipotoka, Serikali ilikuwa tayari imeandaa muswada wa kubadili Katiba, na kabla ya mwaka kwisha Bunge lilikuwa limeupitisha. Muswada haukufuta haki ya kushiriki iliyomo katika ibara ya 21. Uliitanguliza kwa maneno ya masharti yanayoanza na "bila ya kuathiri", yakielekeza kwenye ibara nyingine zinazodai uanachama wa chama. Haki ilibaki na maneno yake yote, lakini ikawa imepewa mlinzi mlangoni.

Hiyo ni kazi ya umbo iliyofanywa kwa ustadi mkubwa. Anayesoma kishazi kikuu anaona haki kamili. Anayesoma kishazi tegemezi kilichowekwa mbele yake anaona imefungwa. Mtikila alirudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi kwa mara ya pili. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, ikiwa na majaji saba, ilitengua ushindi huo na kusema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za Mtikila. Chaguzi za 2015, 2020 na 2025 zote zilifanyika bila mgombea binafsi.

Nani basi alikuwa na kauli ya mwisho? Kwa maneno ya 107A, Mahakama. Kwa mwendo wa mambo, Bunge lilisema baada ya Mahakama, kisha Mahakama ya juu kabisa nchini ikaamua kwamba neno hilo lilikuwa la Bunge tangu awali. Sitaki kusema kwamba hakuna upande uliokuwa na hoja. Bunge lenye theluthi mbili lina mamlaka halali ya kubadili Katiba, na mahakama inayojivika kazi ya kutunga Katiba nayo inavuka mpaka. Ninachosema ni kwamba nomino kubwa za Katiba, yaani Serikali, Bunge na Mahakama, ziligawa madaraka, na kishazi chenye maneno matatu kikayagawa upya. Anayetaka kujua madaraka yako wapi afuate viunganishi.

Sasa twende Kilwa.

Pwani hii inaijua vizuri dola isiyogawanyika. Kilwa Kivinje, kaskazini ya Masoko, kuna mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga. Hapo ndipo wenyeji wanapokumbuka watu walionyongwa na Wajerumani, akiwamo Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa mwaka 1895 baada ya kuupinga utawala huo. Mkono uliomkamata, uliomhukumu na uliomtundika ulikuwa mmoja. Waingereza walipofuata, mkono huo ulilainishwa lakini haukutenganishwa: ofisa wa utawala wa wilaya alikusanya kodi, akasimamia amri, kisha akaketi kama hakimu kusikiliza kesi za watu walewale. Ni baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilipoanza kutumika Julai 1964, ndipo mahakama za mwanzo na za wilaya zilipoingia katika mfumo mmoja unaopanda hadi Mahakama Kuu, na mtawala wa wilaya akaondoka kwenye kiti cha hakimu.

Aliondoka, lakini aliacha mguu mlangoni. Sheria za mwaka 1962 zilizowaweka wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya ziliwapa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyotoa ripoti yake mwaka 1992, iliziweka sheria hizo katika orodha yake ya sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Zilifutwa. Lakini Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ikaurudisha uwezo huo, katika kifungu cha 7 kwa mkuu wa mkoa na kifungu cha 15 kwa mkuu wa wilaya. Ndizo saa 48 ambazo kila mtu Lindi na Mtwara anazitambua anaposikia kwamba fulani "kawekwa ndani na DC".

Kifungu cha 15 kinastahili kusomwa polepole, kwa sababu vyombo vyote vitatu vimekutana ndani yake. Kimetungwa na Bunge, kinampa nguvu mtendaji, na kinamtaja hakimu. Hatua zake zinakwenda hivi. Mkuu wa Wilaya anaweza kuamuru kukamatwa kwa mtu aliyetenda kosa mbele yake, au ambaye anajua ametenda kosa. Anaweza pia kuamuru kukamatwa kwa mtu ambaye bado hajatenda lolote, akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo anaelekea kuvunja amani, na kwamba hakuna njia nyingine ya kuzuia hilo isipokuwa kumweka ndani. Mtu huyo apelekwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48, au aachiwe muda huo ukiisha, na akiachiwa asikamatwe tena kwa sababu ileile. Sababu za kumkamata ziandikwe na zimfikie hakimu. Mkuu wa Wilaya anayetumia uwezo huu vibaya kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa kosa la matumizi mabaya ya madaraka.

Kwa mtazamo wa kwanza kifungu hiki ni kizuri kuliko sifa yake. Kina sharti la imani yenye sababu, kina sharti la kukosekana kwa njia nyingine, kina saa, kina karatasi, kina adhabu. Aliyekiandika aliijua ibara ya 4 na alitaka utendaji udhibitiwe. Kauli ya kwanza amempa Mkuu wa Wilaya kwa sababu fujo hazisubiri kalenda ya mahakama. Kauli ya mwisho amemwachia hakimu. Katikati ameweka karatasi ya sababu, kama ibara ya 97 inavyoiweka kati ya Rais na Bunge.

Tukipeleke sasa kazini, kwa mfano wa kubuni ulio wa kawaida katika wilaya hii. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu walielekezwa mikoa ya kusini, na Kilwa ikawa mojawapo ya wilaya zilizowapokea. Tangu hapo migogoro ya ng'ombe na mashamba imekuwa kazi kubwa ya uongozi wa wilaya. Tuseme ni msimu wa ufuta. Kundi la ng'ombe limeingia shambani, maneno makali yametupwa, vijana wa pande zote mbili wameanza kukusanyika. Mwenyekiti wa kijiji anapiga simu Masoko. Ijumaa saa kumi jioni Mkuu wa Wilaya anaamuru mzee mmoja wa wafugaji akamatwe, kwa kuwa anaaminika kuwachochea wenzake.

Amri hii inaweza kuwa ya busara na inaweza kuokoa maisha. Hakuna anayeijua Kilwa atakayedharau hofu ya usiku wa namna hiyo. Lakini tuhesabu. Kutoka Ijumaa saa kumi jioni, saa 48 zinaisha Jumapili saa kumi jioni. Katikati kuna Jumamosi na Jumapili, siku ambazo mahakama haikai. Jumapili jioni mzee anafunguliwa mlango na kuambiwa aende nyumbani. Sheria imefuatwa: hakupelekwa kwa hakimu, basi ameachiwa. Jumatatu asubuhi hakimu anafungua ofisi, umbali mfupi tu kutoka kwa Mkuu wa Wilaya, na hana mshtakiwa wa kumsikiliza, hana jalada, na hajui kwamba mtu alilala rumande usiku mbili kwa amri ya jirani yake.

Hapo ndipo neno "au" linapofanya kazi. Apelekwe kwa hakimu au aachiwe. Limeandikwa kwa nia njema, ili mtu asisahaulike ndani. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelalamika kwamba mfungwa amefunguliwa. Lakini kwa umbo lake linaweka njia mbili za kumaliza jambo, na moja kati ya hizo haipiti mahakamani kabisa. Sharti la karatasi limefungwa kwenye njia ya kwanza: sababu zinamfikia hakimu kwa kuwa mtu anamfikia hakimu. Mtu akitoka kwa njia ya pili, karatasi haina safari. Kauli ya kwanza imegeuka kauli ya mwisho, na hakuna hata ibara moja iliyovunjwa.

Ulinganishe na "au" ya Rais. Kule, anayechagua mlango wa pili anarudi kwa wapiga kura. Hapa, anayechagua mlango wa pili halipi chochote. Kinyume chake, anapata nafuu, kwa sababu hatalazimika kumweleza hakimu kwa nini aliamini alichoamini. Mtendaji mwenye sababu nzuri na mtendaji mwenye hasira wanatoka kwa mlango uleule, na kwa nje huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana saa 48, ambazo sheria ilizifikiria kama kinga, zikaja kuzoeleka midomoni mwa watu kama adhabu. Anayesema "nitakuweka ndani saa 48" ameshaitoa hukumu na kuipimia muda, wakati kifungu hakikumpa uwezo wa kuadhibu hata dakika moja.

Kasoro hii inaathiri pia sharti lililo bora kuliko yote katika kifungu, lile la kukosekana kwa njia nyingine. Njia nyingine ipo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kumwita mtu anayetishia amani na kumtaka atoe sababu kwa nini asiwekewe dhamana ya kutunza amani kwa muda fulani. Ni dawa iliyotengenezwa hasa kwa ugonjwa huu wa ng'ombe na ufuta: inamfunga mtu kwa ahadi badala ya kufuli, inatolewa baada ya kumsikiliza, na inaweza kuwafunga wa pande zote mbili. Swali la kisheria kuhusu mzee wetu lingekuwa hili: je, njia hiyo ilifikiriwa, na kwa nini ilionekana haitoshi usiku ule? Ni swali zuri, lenye jibu linaloweza kupimwa. Lakini mwenye uwezo wa kuliuliza ni yule asomaye sababu zilizoandikwa, naye hakuletewa kitu.

Mtu atasema kuna tiba nyingine. Zipo, na kila moja ina umbali wake. Ya kwanza ni kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumfikisha mtu aliyezuiliwa mbele ya jaji. Kwa watu wa Kilwa, kufika Mahakama Kuu ni safari ndefu. Ndugu wa mzee wangehitaji kutafuta wakili, kuandika hati ya kiapo na kusafiri, na wakati wanafika mlango wa rumande utakuwa umeshafunguliwa na ombi halina tena la kuamua. Tiba yenye mwendo wa siku kadhaa haiwezi kuponya jeraha la siku mbili.

Ya pili ni kumshtaki Mkuu wa Wilaya kwa matumizi mabaya ya madaraka. Kifungu kinalitamka jambo hilo kwa nguvu. Lakini mashtaka ya jinai yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye huteuliwa na Rais, kama Mkuu wa Wilaya mwenyewe anavyoteuliwa na Rais. Hili halimaanishi kwamba Mkurugenzi hatatenda haki. Katiba inamtaka awe huru katika kazi yake. Linamaanisha kwamba udhibiti umebaki ndani ya chumba kilekile cha utendaji. Ndivyo ilivyo pia pale viongozi wa juu wa Serikali wanapowakemea hadharani wakuu wa mikoa na wilaya kwa kuweka watu ndani ovyo, jambo ambalo limetokea zaidi ya mara moja. Karipio hilo ni jema, lakini ni mkubwa anamrudi mdogo wake. Mkubwa akinyamaza, nalo limekwisha.

Na kuna jambo la tatu, ambalo ukiwa Masoko huwezi kulikwepa. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliunda kamati za maadili zinazopokea malalamiko dhidi ya maofisa wa mahakama katika mikoa na wilaya. Kwa ngazi ya mkoa mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa. Kwa ngazi ya wilaya mwenyekiti ni Mkuu wa Wilaya. Huyuhuyu pia ni mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya, ambamo Mkuu wa Polisi wa Wilaya ni mjumbe. Soma sasa kifungu cha 15 ukiwa na taarifa hizo mkononi. Polisi anayetekeleza amri anaketi katika kamati ya mwenye amri, na mwenye amri anaongoza kamati ya kuwashughulikia maofisa wa mahakama ileile inayopaswa kuipima amri yake. Kamati za maadili zina kazi halali, kwani wananchi wanahitaji mahali pa kulalamikia hakimu mla rushwa bila kusafiri hadi Dodoma. Hata hivyo kwa hakimu kijana katika mji mdogo, karatasi ya sababu ingefika mezani kwake kutoka kwa mtu mwenye nafasi mbili, na angehitaji moyo mgumu kuisoma kana kwamba ana moja.

Bunge lina nafasi gani katika haya? Ibara ya 4 inalipa kazi mbili, kutunga sheria na kusimamia utekelezaji wa shughuli za umma. Wilaya ya Kilwa ina majimbo ya Kaskazini na Kusini, na wabunge wake wanaweza kuuliza swali bungeni: katika mwaka uliopita wakuu wa wilaya wameamuru watu wangapi wakamatwe, na wangapi kati yao walifikishwa kwa hakimu? Waziri anayejibu naye ni mbunge, kama tulivyoona. Lakini hata waziri mwenye nia safi anahitaji rekodi ya kusoma, na kama nilivyoonyesha, kifungu kinafanya rekodi hiyo ikosekane hasa pale inapohitajika zaidi. Mtu aliyepelekwa mahakamani ana namba ya kesi. Aliyeachiwa Jumapili jioni ana kumbukumbu ya familia yake tu, pamoja na mstari katika kitabu cha mahabusu kituoni.

Wapo wanaotaka kifungu cha 15 kifutwe chote, na hoja yao ni nzito: ibara ya 15 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu, na polisi tayari wana uwezo wa kukamata kwa kuzuia kosa, chini ya sheria inayotumia kipimo cha saa 24. Mimi naafikiana nao kuhusu uwezo wa kukamata kwa kosa lililokwisha kutendwa. Hapo Mkuu wa Wilaya hana analoongeza ambalo polisi hawana. Kuhusu uwezo wa kuzuia, iwapo Bunge litaona wilaya kama Kilwa bado inauhitaji, marekebisho yanayotosha ni madogo na ni ya umbo. Wajibu wa karatasi ung'olewe kwenye njia ya mahakamani na ufungwe kwenye amri yenyewe. Kila Mkuu wa Wilaya anayeamuru mtu akamatwe aandike sababu, aeleze kwa nini dhamana ya kutunza amani haikutosha, na nakala imfikie hakimu wa wilaya ndani ya saa 24, mtu awe bado ndani au awe ameshaachiwa. Hakimu aiweke katika rejista iliyo wazi kwa mwananchi kuisoma, na malalamiko kuhusu maofisa wa mahakama yasiongozwe na yeyote mwenye uwezo wa kutoa amri kama hizo.

Kwa marekebisho hayo "au" inabaki mahali pake na mzee wetu bado anaachiwa Jumapili jioni. Kinachobadilika ni kwamba kuachiwa hakufungi mazungumzo. Jumamosi jioni karatasi imeshafika mikononi mwa hakimu wa zamu, na Jumatatu inaingia katika rejista. Familia inaweza kuisoma, wakili wa Lindi au Mtwara anaweza kuijengea hoja, mbunge anaweza kuzihesabu karatasi za mwaka mzima na kuuliza kwa nini ni nyingi katika wilaya moja na chache katika nyingine. Mtendaji aliyezuia umwagaji damu atakuwa na ushahidi wa busara yake kwa maandishi. Aliyemweka mtu ndani kwa kuwa alijibiwa vibaya mkutanoni atalazimika kuliandika hilo, au kuandika uongo na kutia sahihi, na uongo wenye sahihi ni kitu ambacho mahakama inajua namna ya kukishughulikia.

Kwa sasa njia ya kupima ni rahisi, na inafaa kwa wilaya yoyote, kuanzia Kilwa hadi Kibondo. Usiulize Mkuu wa Wilaya ana uwezo gani, maana jibu liko katika sheria. Nenda mahakama ya wilaya uulize ni karatasi ngapi za sababu zimefika mwaka huu, kisha nenda kituo cha polisi uulize ni watu wangapi wamewekwa ndani kwa amri ya wilaya. Idadi hizo mbili zikilingana, mapigo matatu ya ibara ya 4 yanasikika hadi chini. Zisipolingana, tofauti yake ndiyo idadi ya watu ambao kwao, kwa muda wa saa 48, utendaji na utoaji haki vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja.